Mabaka ya Duara Yanayorudi Kila Kiangazi

Mwezi wa Juni ukishaingia kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mvua huwa imekatika, upepo wa Makambako unavuma mchana kutwa, na usiku baridi inabana. Watu huoga maji ya moto hasa, tena mara mbili kwa siku. Jioni hukaa kuzunguka jiko la mkaa huku miguu ikielekea motoni. Hii ndiyo miezi ambayo mtu mzima hupandisha suruali mbele ya mhudumu wa afya na kumwonyesha miundi yake, yaani sehemu ya mbele ya mguu chini ya goti, ambako mfupa uko karibu kabisa na ngozi. Pana mabaka ya duara. Moja lina ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, jingine limeshatanuka zaidi ya hapo. Yanawasha kupita kiasi, na yakikunwa hutoa maji.

Mgonjwa wa namna hii mara nyingi huja akiwa na jibu tayari. Ataambiwa na jirani kuwa ni choa, kwa sababu ni duara. Au atakuwa ameshashauriwa kwamba amekanyaga kitu kibaya, kwa sababu hali hiyo humjia kila mwaka mahali palepale na kuondoka mvua zikianza. Yote mawili yana mantiki yake kwa anayetazama kwa macho tu. Lakini ugonjwa huu una jina na una maelezo. Ni ukurutu wa sarafu, mmojawapo wa magonjwa ambayo wengi wetu tunayaita kwa jumla pumu ya ngozi. Daktari Mfaransa aliyeitwa Devergie aliueleza tangu mwaka 1857. Haumwambukizi mtu yeyote. Mjukuu anaweza kulala kitanda kimoja na babu yake, na taulo likichanganywa, ukurutu huu hauhami.

Unawapata zaidi wanaume waliovuka miaka hamsini, na wanawake vijana wa miaka ya ishirini. Kwa wanaume miguu ndiyo huathirika zaidi. Kwa wanawake vijana mikono na migongo ya viganja nayo huingia. Watoto hawaupati sana.

Ngozi kavu inatoaje maji?

Hili ndilo swali linalowachanganya watu, na kwa maoni yangu ndilo ambalo likieleweka, matibabu yote yanaeleweka. Mtu anaona kidonda kinachuruzika majimaji, anahitimisha kwamba kinahitaji kukaushwa. Basi anakiwekea spiriti, majivu, unga wa vidonge vya antibiotiki, au anakiacha wazi juani. Kila anachofanya kinazidisha tatizo, kwa sababu tatizo lilianza na ukavu.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limeundwa na chembe zilizokufa zilizopangana, na katikati yake kuna mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoke nje na vitu vya nje visiingie. Muundi ni sehemu maskini kwa jambo hili. Vifuko vya kutengeneza mafuta ni vichache pale kuliko usoni au kifuani, na umri ukisonga hupungua nguvu. Hewa ya kiangazi nayo haina unyevu, kwa hiyo maji ya ngozi hutoka kwa kasi. Ukiongeza maji ya moto na sabuni kali, yale mafuta machache yaliyobaki husombwa. Ngozi huanza kupauka, kisha hupasuka mistari midogo ambayo pengine huioni, ila unaihisi ukipitisha kiganja.

Kupitia mipasuko hiyo huingia sabuni, vumbi, nyuzi za sweta, na bakteria wanaokaa juu ya ngozi, hasa stafilokoki. Kinga ya mwili hukimbilia pale kupambana. Mishipa midogo ya damu hutanuka, maji hupenya kutoka kwenye damu na kujikusanya katikati ya chembe za ngozi mpaka zinaachana. Mkusanyiko huo ukifika juu, huonekana kama malengelenge madogo sana, ya ukubwa wa kichwa cha pini. Mtu akijikuna, malengelenge hupasuka na maji yale hutoka. Maji yanayochuruzika ni dalili kwamba ngozi imewaka ndani. Haina maana kwamba imerowa kupita kiasi. Yakikauka huacha ukoko wa rangi ya njano au kahawia.

Baka hujijenga hivi: vipele vichache hujitokeza karibukaribu, kila kimoja na tone la maji kichwani. Ndani ya siku chache huungana kuwa duara moja lenye ukingo unaoeleweka, kuanzia sentimita moja hadi kumi kwa upana. Wiki za kwanza duara hilo ni bichi na lenye maji. Baadaye hukauka, huota magamba, na ngozi yake hunenepa. Vitabu vingi husema baka huwa jekundu. Kwenye ngozi nyeusi usiutafute wekundu, maana mara nyingi hautauona. Baka letu huwa la kijivu, la zambarau iliyofifia, au jeusi kuliko ngozi iliyo pembeni yake. Wahudumu waliosomea picha za ngozi nyeupe wakati mwingine hulipita kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana pia huweza kuanzia mahali palipoumwa na mbu, palipokwaruzwa na mwiba au palipochubuliwa na soksi inayobana. Ngozi ilikuwa imeshachoka. Jeraha dogo limefungua mlango. Mtu mwenye mishipa ya vena iliyovimba miguuni yuko kwenye hatari zaidi, kwa sababu damu hukawia kupanda na ngozi ya chini hukosa afya. Na watu wa kwetu wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini huyakuta mabaka hayahaya Januari, wakati hewa ya nje imeganda na vipasha joto vya ndani vinakausha chumba usiku kucha.

Duara si lazima iwe choa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Choa husababishwa na fangasi, nacho hukaa duara. Lakini ukikitazama kwa makini, ukingo wake ndio ulioinuka na wenye magamba, huku katikati pakielekea kupona, na hupanuka polepole wiki hadi wiki. Mara nyingi huanzia upande mmoja wa mwili, na mgonjwa huyohuyo unaweza kumkuta na fangasi katikati ya vidole vya miguu au kinenani, au mtoto wa nyumbani ana mapunye kichwani. Ukurutu wa sarafu huathiri baka zima: katikati pana vipele, maji na ukoko sawa na pembeni. Huja mabaka kadhaa kwa pamoja, tena miguu yote miwili, na ngozi inayoyazunguka ni kavu, imepauka na ina mistari.

Alama hizo husaidia, ila hazitoshi nyakati zote, kwa sababu hata ukurutu ukizeeka unaweza kupona katikati kwanza. Kipimo chake ni rahisi. Mhudumu hukwangua magamba kidogo ukingoni kwa kisu butu, huyaweka kwenye kioo na tone la haidroksidi ya potasiamu, kisha huyaangalia kwa hadubini. Nyuzi za fangasi zikiwapo huonekana. Kipimo hicho hufanyika hospitali nyingi za wilaya, na ningependa kila mtu mwenye baka la duara lisilosikia dawa akiulizie kwa jina kabla ya kununua tyubu ya tatu.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia. Baka la ukoma haliwashi, na ukiligusa kwa pamba mgonjwa hahisi kitu. Ukurutu huwasha na hisia zake ziko palepale. Na baka moja peke yake, lisilowasha sana, ambalo halijaondoka kwa miezi mingi wala halijali kiangazi au masika, likatwe kipande na kupimwa, kwa sababu saratani ya ngozi ya mwanzo nayo huweza kufanana na ukurutu.

Mwalimu mstaafu na tyubu zake

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu wa miaka 63. Kisa chake nimekipanga mwenyewe, lakini kila hatua yake ni ya kawaida. Mwaka wa kwanza, mwezi wa Julai, aliota mabaka manne mguu wa kulia na mawili mguu wa kushoto, kubwa kuliko yote likiwa na upana wa sentimita tano. Duka la dawa lilimpa krimu ya fangasi. Alipaka wiki mbili bila mabadiliko yoyote. Akarudi, akapewa krimu mseto, ile yenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi ndani ya tyubu moja. Siku ya nne mwasho ukakata. Siku ya tano akaacha kupaka, akaiweka tyubu kabatini. Wiki moja na nusu baadaye mabaka yote sita yalikuwa yameamka.

Aliifanya safari hiyo mara tatu ndani ya msimu mmoja. Kati ya mara hizo alichomwa sindano ambayo hakuambiwa jina lake ila aliambiwa ni ya aleji. Ilimtuliza siku kumi, kisha mabaka yakarudi kwa hasira zaidi. Wakati wote huo aliendelea kuoga maji ya moto asubuhi na jioni kwa sabuni ya kuua vijidudu, na kusugua mabaka kwa dodoki ili kutoa ukoko. Novemba mvua zikanyesha, mabaka yakalala yenyewe. Juni iliyofuata yakawa manane.

Alipofika kwa mtaalamu wa ngozi hospitali ya mkoa, dada mmoja kijana, mabaka yalikwanguliwa na fangasi hawakuonekana. Alipimwa sukari, akaangaliwa vena za miguu, akaguswa kwa pamba. Kisha dada yule akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Shikamoo tena baba. Hii dawa ukipaka, unajuaje kwamba sasa niache?"

"Si pale inapoacha kuwasha, mwanangu."

Dada akachukua kidole cha mwalimu mwenyewe, akakipitisha juu ya baka lisilowasha siku ile, kisha juu ya ngozi ya kawaida. Baka lilikuwa limeinuka na lina mkwaruzo. Ngozi ilikuwa bado mgonjwa.

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa huu. Mwasho hukatika mapema, siku tatu hadi tano baada ya kuanza dawa yenye nguvu. Uvimbe wa ndani huchukua wiki mbili, tatu, hata nne kuisha. Anayeacha dawa mwasho unapokata anaacha moto uliofunikwa na majivu. Na anayeendelea kupaka kwa sababu bado anaona doa jeusi naye anakosea, kwa sababu weusi ule hubaki miezi kadhaa baada ya ugonjwa kwisha na hautibiwi kwa steroidi. Jicho hudanganya, mwasho hudanganya. Kidole ndicho cha kuaminika: funga macho, papasa. Kama huwezi kutofautisha mahali pa baka na ngozi iliyo pembeni, pamepona, hata pawe peusi namna gani. Kama kidole kinakwama au kinapanda kidogo, endelea na dawa.

Matibabu aliyopewa yalikuwa na hatua mbili. Kwa kuwa mabaka manne yalikuwa yanachuruzika, kwanza yalowekwe kwenye maji ya pamanganeti ya potasiamu. Kidonge kimoja cha miligramu 400 huyeyushwa kwenye lita nne za maji ya uvuguvugu, ndani ya ndoo ya plastiki ambayo hutajali ikibadilika rangi. Maji yawe pinki hafifu. Yakiwa zambarau iliyokolea ni makali mno na yatachoma ngozi, ongeza maji. Miguu ikae humo dakika 10 hadi 15, au kitambaa safi kilicholoweshwa kifungwe juu ya mabaka kwa muda huohuo, mara moja au mbili kwa siku. Paka vaselini kwenye kucha kwanza, la sivyo zitageuka rangi ya kahawia. Siku mbili tatu hutosha kwa kawaida; maji yakikoma kutoka, acha, maana ukiendelea utaikausha ngozi. Vidonge hivi vinafanana na vya kumeza na vikimezwa huunguza koo na tumbo, kwa hiyo visikae pamoja na dawa nyingine za nyumbani.

Hatua ya pili ni steroidi ya kupaka, na iwe ya nguvu. Watu wengi huanza na haidrokotizoni ya asilimia moja kwa kuwa wameambiwa ni salama. Ni salama kweli, lakini kwenye muundi wa mtu mzima wenye baka nene, dawa hiyo haifiki panapotakiwa. Mwalimu aliandikiwa betamethazoni valereti ya asilimia 0.1, ya mafuta na si ya krimu, kwa sababu ile ya mafuta hushika vizuri kwenye ngozi kavu. Mara mbili kwa siku, juu ya mabaka tu.

Kiasi nacho alifundishwa. Dawa iliyokamuliwa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha hadi kwenye kifundo cha kwanza, ni karibu nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mabaka yake manane yote kwa pamoja hayakufika kiganja kimoja. Kwa hiyo nusu ya urefu ule ilimtosha kila anapopaka, na tyubu moja ya gramu 15 ingempeleka karibu wiki nne. Mwaka uliotangulia tyubu yake ilikuwa haijafika nusu alipoiweka kabatini.

Siku ya kumi na nne mabaka madogo sita yalikuwa tambarare kabisa kwa kidole. Akayaacha. Mawili makubwa yalikuwa bado yana unene, akaendelea nayo hadi mwisho wa wiki ya nne. Baada ya hapo hakukata ghafla. Alipaka siku moja na kuruka moja kwa wiki mbili, kisha siku mbili tu za wiki, Jumamosi na Jumapili, mpaka mvua zilipoanza. Upakaji huo wa mwisho hufanyika mahali mabaka yalipokuwa, hata kama ngozi inaonekana nzima, kwa sababu ndipo ugonjwa hupenda kurudi.

Najua neno steroidi linatisha, na hofu hiyo haikutoka hewani. Dawa hizihizi, hasa klobetasoli, huuzwa kama mafuta ya kung'arisha ngozi na kupakwa uso mzima kwa miaka. Huko hukondesha ngozi, huleta mistari na chunusi, na zikipakwa mwili mzima huingia kwenye damu. Kuipaka juu ya mabaka machache ya muundi kwa wiki tatu au nne, chini ya uangalizi, ni jambo tofauti kabisa. Ninachokipinga mimi ni ile krimu mseto. Ikiwa ugonjwa ni ukurutu, dawa ya fangasi iliyomo haina kazi na antibiotiki iliyomo, hasa neomaisini, inaweza yenyewe kuleta mzio juu ya kidonda. Ikiwa ugonjwa ni choa, steroidi iliyomo inaficha ukingo wake na kuuacha uenee bila kutambulika. Kwa vyovyote vile mgonjwa anapoteza. Sindano na vidonge vya steroidi navyo visiwe njia ya mkato: hutuliza kwa muda, lakini vinaweza kupandisha sukari na presha, na ukurutu hurudi vikishaisha.

Mafuta, maji na jiko

Dawa huzima baka. Kinachozuia jingine lisiote ni namna mtu anavyoishi na ngozi yake miezi ile mikavu, na hapa hakuna cha ghali.

Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu. Najua ugumu wake: maji ya moto yakimwagika juu ya baka linalowasha hutoa nafuu tamu ya dakika chache. Baada ya nusu saa mwasho hurudi mkubwa zaidi, na mafuta ya ngozi yamekwenda na maji. Kuoga mara moja kwa siku kunatosha, dakika tano hadi kumi, na sabuni ibaki kwapani, kinenani na nyayoni. Miundi haihitaji sabuni isipokuwa imechafuka. Dodoki lisiguse mabaka. Ukijifuta, gandamiza taulo badala ya kusugua, kisha paka mafuta ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado ina unyevu, kwa sababu kazi ya mafuta ni kuyafungia maji yaliyopo.

Mafuta gani? Vaselini ya kawaida isiyo na manukato inafanya kazi vizuri kuliko losheni nyingi za bei kubwa. Losheni ni maji kwa sehemu kubwa, hukauka upesi, na manukato yake yanaweza kuleta mzio. Pakaza kutoka gotini kwenda chini, kufuata mwelekeo wa vinyweleo, ili mafuta yasizibe vishina vyake na kuota vipele. Asubuhi na usiku. Kopo la gramu 250 linalotumika kwa miguu yote miwili likimaliza miezi mitatu bila kuisha, ujue hupaki vya kutosha. Na tahadhari moja kwa wanaokaa karibu na jiko: suruali au blanketi lililofyonza vaselini kwa wiki kadhaa hushika moto kwa urahisi sana. Nguo hizo zifuliwe mara kwa mara, na kiti kisogezwe nyuma. Joto la mkaa linalopiga miundi moja kwa moja linaikausha ngozi vilevile.

Ndimu na kitunguu saumu visiwekwe kabisa. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa juu ya ngozi huunguza hadi kutoa malengelenge makubwa, na jeraha hilo huleta mabaka mapya.

Mwalimu wetu alianza vaselini mwezi wa Mei mwaka uliofuata, kabla upepo haujakauka. Julai likatokea baka moja, la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, pembeni ya lile kubwa la zamani. Alilipaka dawa siku ileile na kidole chake kikamwambia limekwisha baada ya siku kumi. Hakupona moja kwa moja, na hakuna mtaalamu mkweli atakayemwahidi hilo. Ukurutu huu unaweza kumrudia mtu kwa miaka. Lakini kati ya mabaka manane yanayochuruzika na moja dogo la siku kumi kuna tofauti ya kulala usiku na kutolala.

Zipo hali ambazo mafuta na subira havitoshi. Baka likianza kuuma kuliko kuwasha, likavimba na kuwa la moto, likatoa usaha, mtoki ukajitokeza kinenani au homa ikapanda, bakteria wameingia ndani na zinahitajika antibiotiki za kumeza. Mwenye kisukari asingoje hata siku mbili. Na kama umepaka dawa ya nguvu sawasawa kwa mwezi mzima bila nafuu, pengine kuna kitu unachokigusa kila siku kinachochochea: mpira wa mabuti ya shambani, saruji, ngozi ya viatu iliyolainishwa kwa kromiamu, au dawa yenyewe unayopaka. Vipimo vya mzio vya kubandika mgongoni hufanywa na madaktari bingwa wa ngozi, na hao ndio wenye njia nyingine pia, kama marhamu ya takrolimasi, tiba ya mwanga na vidonge vya methotreksati kwa mabaka sugu.

Mtaalamu wa ngozi si lazima awe mbali. Pale Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na waliohitimu pale wanahudumu mikoani na katika nchi nyingine za Afrika. Uliza hospitali ya mkoa wako siku ya kliniki ya ngozi. Siku hiyo usipake kitu chochote juu ya mabaka ili yaonekane yalivyo, na beba tyubu zote ulizowahi kutumia, hata zilizokwisha, pamoja na maboksi yake. Kilichoandikwa kwenye tyubu hizo kitamwambia mtaalamu ni dawa gani ulipewa, na kiasi kilichobaki ndani kitamwambia uliiacha mapema kiasi gani.